Fuata Atomu: Usanisinuru na Upumuaji wa Seli Katika Swali Moja la Mtihani

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeandika swali moja tu ubaoni, na muda wote niliopewa nitautumia hapo hapo. Atakayelielewa swali hili hadi mwisho hatapigwa chenga tena na maswali ya usanisinuru na upumuaji wa seli, hata yakija yamevaa nguo nyingine.

Swali lenyewe ni hili. Mche wa maharage umewekwa ndani ya chombo cha kioo. Hewa inapitishwa ndani ya chombo, na kabonidayoksaidi inapimwa hewa inapoingia na inapotoka. Mche ukiwa kwenye mwanga, hewa inatoka ikiwa imepungukiwa miligramu 25 za kabonidayoksaidi kila saa. Chombo kikifunikwa kwa kitambaa cheusi, hewa inatoka ikiwa imeongezewa miligramu 3 kila saa. Joto ni lile lile nyakati zote. Sehemu ya kwanza: eleza mabadiliko haya yanasababishwa na nini, na yanatokea wapi ndani ya seli. Sehemu ya pili: kokotoa kabonidayoksaidi inayotumiwa na usanisinuru kwa saa moja ya mwanga. Sehemu ya tatu: mche ukipata saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, faida yake ni sawa na glukosi kiasi gani?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hewa ipitishwe badala ya kuziba chombo na kusubiri. Sababu ni kwamba kabonidayoksaidi hewani ni kidogo mno, kama asilimia 0.04. Lita nzima ya hewa haina hata miligramu moja. Mche unaofyonza miligramu 25 kwa saa ungemaliza chakula cha chomboni mara moja, na baada ya hapo tungekuwa tunapima njaa yake, si uwezo wake.

Naanza na sehemu ya pili, kwa kuwa huko ndiko alama nyingi hupotelea. Wengi wanaandika 25. Ukisoma walichojibu sehemu ya kwanza unaona kwa nini: "Mchana mimea hufanya usanisinuru, usiku hupumua." Sentensi hiyo inaingia kichwani kirahisi, tumeisikia tangu shule ya msingi, na ni ya uongo. Anayeiamini hana njia ya kulipata jibu la sehemu ya pili, hata awe hodari wa hesabu namna gani.

Mitokondria za seli ya jani hazizimwi jua linapochomoza. Seli inahitaji ATP saa sita mchana kama inavyoihitaji saa sita usiku: inajenga protini, inasukuma chumvichumvi kupita kwenye utando wake, inapakia sukari kwenye floemu isafirishwe. Kazi hizo hazina likizo ya mchana. Kwa hiyo upumuaji wa seli unaendelea saa zote 24, na usanisinuru unaongezeka juu yake pale mwanga unapokuwepo. Mchana michakato yote miwili inakwenda pamoja, ndani ya seli ile ile, umbali mdogo sana kutoka mmoja hadi mwingine.

Sasa fikirieni kabonidayoksaidi inayotolewa na mitokondria mchana. Pembeni yake kuna kloroplasti zinazoitafuta gesi hiyo hiyo. Sehemu kubwa inachukuliwa humo humo ndani ya jani, bila kutoka nje kupitia stomata. Kipimo chetu kiko nje ya jani, kwa hiyo hakiioni. Kinachokiona ni tofauti tu kati ya inayotumiwa na inayotolewa. Ni kama mwenye duka anayetoa nauli na chakula cha mchana kwenye droo ya mauzo: fedha anayoikuta jioni siyo mauzo ya siku. Akitaka mauzo kamili, lazima arudishe matumizi juu ya kilichobaki. Nasi tunarudisha vivyo hivyo: 25 zilizotoka hewani, na 3 ambazo mche ulizitengeneza wenyewe na kuzitumia. Usanisinuru umetumia miligramu 28 kwa saa.

Namba 3 tumeipata gizani, kwa sababu gizani usanisinuru umesimama na upumuaji umebaki peke yake, hauna wa kuuficha. Tumedhani kwamba mche unapumua kwa kasi hiyo hiyo mwangani. Katika jani halisi mambo si manyoofu hivyo. Mwanga wenyewe unaweza kupunguza kasi ya mitokondria, na katika mmea kama maharage, kimeng'enya kinachonasa kabonidayoksaidi wakati mwingine hunasa oksijeni kimakosa, na hatua zinazofuata hupoteza kaboni. Watafiti wanalishughulikia jambo hilo kwa njia zao. Ninyi mtihanini andikeni dhana yenu waziwazi, kwamba kasi ya upumuaji imechukuliwa kuwa sawa mwangani na gizani, kisha endeleeni. Joto kuwa lile lile kumetajwa kwenye swali kwa ajili hiyo hiyo, maana joto likipanda, upumuaji nao unapanda.

Sehemu ya tatu inafuata bila shida. Saa 12 za mwanga mara 25 ni miligramu 300 zilizoingia. Saa 12 za giza mara 3 ni miligramu 36 zilizotoka. Faida ni 264. Anayetaka kujikagua apite njia ya pili: usanisinuru wote ni 28 mara 12, yaani 336, upumuaji wote ni 3 mara 24, yaani 72, ukitoa unapata 264 tena. Anayechanganya njia hizi mbili, akachukua 28 mara 12 na kutoa 36 za usiku peke yake, anapata 300. Huyo amesahau upumuaji wa mchana, na msahihishaji anaona kosa lake waziwazi hata kama hakuandika neno.

Kutoka kabonidayoksaidi kwenda glukosi, tumia uzito wa molekuli. Glukosi moja ina kaboni sita, kwa hiyo inahitaji molekuli sita za kabonidayoksaidi. Moli sita za kabonidayoksaidi ni 6 mara 44, yaani gramu 264, na moli moja ya glukosi ni gramu 180. Basi miligramu 264 za kabonidayoksaidi zinatoa glukosi miligramu 180. Tunasema "sawa na glukosi" kwa sababu mche hauitunzi sukari hiyo ikiwa glukosi. Nyingine inakuwa wanga ndani ya jani, nyingine inasafiri ikiwa sukrosi, nyingine inajengwa kuwa ukuta wa seli.

Sasa sehemu ya kwanza, ambayo ndiyo yenye utajiri wote. Mnaijua milinganyo miwili:

6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂

C₆H₁₂O₆ + 6O₂ → 6CO₂ + 6H₂O

Ukiitazama haraka, wa pili ni wa kwanza uliogeuzwa nyuma mbele. Wengi wanaishia hapo, na mtunga mitihani analijua hilo. Atauliza: oksijeni inayotoka kwenye jani imetoka kwenye molekuli gani? Darasa zima litajibu kabonidayoksaidi, maana jina lenyewe linaitangaza oksijeni, na mlinganyo mfupi haukukatazi kuwaza hivyo. Wanasayansi nao walikuwa na mawazo hayo kwa muda mrefu.

Hesabu atomu uone. Upande wa kulia wa mlinganyo wa kwanza kuna 6O₂, yaani atomu 12 za oksijeni huru. Upande wa kushoto maji ni 6H₂O, yana atomu 6 tu. Kama oksijeni huru yote inatoka kwenye maji, mlinganyo huu haumtoshelezi mtu, maji hayafiki. Na kweli yote inatoka kwenye maji. Mwaka 1941, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley waliutumia mwani uitwao klorela. Waliupa maji yaliyoongezewa oksijeni nzito, ile isotopu yenye uzito wa 18 badala ya 16. Oksijeni iliyotoka kwenye mwani ikawa nzito kulingana na maji. Walipoiweka oksijeni nzito upande wa kabonidayoksaidi, gesi iliyotoka haikuifuata. Atomu zilikuwa zimewekewa alama, na alama zikaonyesha njia.

Ndiyo maana mlinganyo ulio kamili unaandikwa hivi:

6CO₂ + 12H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂ + 6H₂O

Sasa hesabu inakaa. Maji 12 yanapasuliwa na kutoa atomu 12 za oksijeni, ambazo ndizo 6O₂. Kabonidayoksaidi sita zina atomu 12 za oksijeni: sita zinaingia kwenye glukosi, sita zinaingia kwenye maji mapya yaliyoandikwa kulia. Mlinganyo mfupi umefuta maji sita kila upande, jambo linaloruhusiwa kihesabu, lakini umefuta pamoja nayo habari ya nani katoka wapi.

Ukishajua hayo, mahali pa kila tukio panajieleza. Ndani ya kloroplasti kuna tabaka za utando ziitwazo thailakoidi, na klorofili imekaa kwenye utando huo. Mwanga unapokelewa hapo, maji yanapasuliwa hapo, na oksijeni inazaliwa hapo. Kinachobaki cha maji, yaani elektroni na protoni zake, kinatumika kutengeneza ATP na kibeba haidrojeni. Kabonidayoksaidi haijaguswa bado. Inaguswa nje ya thailakoidi, kwenye umajimaji wa kloroplasti uitwao stroma, ambako inanaswa na kujengwa kuwa sukari kwa kutumia ATP na haidrojeni iliyotoka kule kwenye utando. Kwa hiyo ukiulizwa oksijeni inatoka sehemu gani ya kloroplasti, jibu ni thailakoidi. Ukiulizwa kabonidayoksaidi inatumika sehemu gani, jibu ni stroma. Anayeandika "kloroplasti" kwa yote mawili hajakosea, ila hajamaliza.

Upande wa upumuaji wa seli fanya vivyo hivyo, na hapa naomba tuelewane kwamba hatuzungumzii kuvuta hewa kwa mapafu. Glukosi inaanzia kwenye saitoplazimu, nje kabisa ya mitokondria. Huko inakatwa kuwa piruveti mbili, zenye kaboni tatu kila moja. Hatua hiyo, glikolisisi, haitumii oksijeni na haitoi kabonidayoksaidi. Hili linawapotosha watahiniwa wengi: swali linasema "taja mahali upumuaji wa seli unapotokea", mtu anaandika mitokondria na kuweka kalamu chini. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu iliyokomaa haina mitokondria hata moja, na bado inapata ATP yake kwa glikolisisi. Jibu kamili lina saitoplazimu na mitokondria, kila moja na kazi yake.

Piruveti zikiingia mitokondria, kaboni zinaachiliwa ndani, kwenye matriksi. Kabonidayoksaidi mbili zinatoka piruveti zinapoandaliwa, na nne kwenye mzunguko wa Krebs, jumla sita kwa kila glukosi. Oksijeni bado haijaonekana! Inaingia mwisho kabisa, kwenye utando wa ndani wa mitokondria, ambako inazipokea elektroni zilizomaliza kazi na kuungana na protoni kuwa maji. Narudia, kuwa maji. Oksijeni mnayoivuta sasa hivi ndani ya ukumbi huu haiendi kutoka puani ikiwa kabonidayoksaidi. Inaishia kwenye maji. Oksijeni iliyomo kwenye kabonidayoksaidi tunayotoa imetokana na glukosi na maji yaliyotumika njiani. Mlinganyo kamili wa upumuaji unalionyesha hilo:

C₆H₁₂O₆ + 6O₂ + 6H₂O → 6CO₂ + 12H₂O

Wekeni huu chini ya ule mrefu wa usanisinuru, mfuate kila atomu kwa kidole. Oksijeni huru inatoka kwenye maji kule thailakoidi, na inarudi kuwa maji kule kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Kaboni inatoka kwenye kabonidayoksaidi kule stroma, na inarudi kuwa kabonidayoksaidi kule matriksi. Ni njia mbili zilizo mbali, kila moja na vimeng'enya vyake. Mlinganyo unaweza kugeuzwa nyuma mbele karatasini. Ndani ya seli hakuna kinachorudi kwa njia ile ile kiliyojia.

Kuhusu idadi ya ATP kwa kila glukosi, sitakaa sana. Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, vipya vinasema kama 30 hadi 32, kwa kuwa sehemu ya nishati inapotea na kutumika njiani. Tumieni namba ya muhtasari wenu.

Nataka badala yake tulitazame jaribio moja mnaloweza kulifanya maabara ya shule, kwa sababu linarudi mitihanini mara kwa mara. Kiashiria cha bikaboneti kilichokaa kwenye hewa ya kawaida kina rangi nyekundu. Kabonidayoksaidi ikiongezeka kinakuwa manjano, ikipungua kinakuwa zambarau. Chukueni neli nne za kioo, kila moja iwe na kiashiria kidogo chini. Neli ya kwanza inaning'inizwa jani juu ya kiashiria na kuwekwa kwenye mwanga mkali. Ya pili ina jani, lakini neli imefungwa karatasi ya alumini. Ya tatu ina jani, nayo imezungushiwa kipande cha chandarua kilichokunjwa, mwanga uingie kidogo tu. Ya nne haina jani. Zote zinazibwa na kuachwa saa chache.

Ya kwanza inakuwa zambarau na ya pili manjano, na hizo mbili hazimsumbui mtu. Ya tatu, mwanga ukipatikana wa kiasi kinachofaa, inabaki nyekundu. Hapo ndipo majibu yanapoharibika. "Hakuna mchakato wowote unaoendelea," wanaandika, "kwa sababu rangi haikubadilika." Lakini jani liko hai, na kila kitu hai kinapumua. Rangi imebaki kwa sababu kabonidayoksaidi inayotolewa na mitokondria inachukuliwa yote na kloroplasti, kasi ya huku ni sawa na ya kule. Kwa lugha ya swali letu la maharage, tofauti imekuwa sifuri, huku kila upande ukifanya kazi.

Mtauliza, tutajuaje kwamba si kweli jani limekufa? Neli ya nne nayo ni nyekundu, na hakika humo hakuna kinachoendelea. Rangi moja, sababu mbili. Njia ya kuzitenganisha ni kuzifunga zote mbili karatasi ya alumini na kusubiri tena. Ya tatu itageuka manjano, kwa kuwa tumeondoa usanisinuru na upumuaji ukaonekana. Ya nne haitabadilika. Ni hoja ile ile ya kitambaa cheusi.

Mnapolifanya, jani lisiguse kiashiria. Msipumulie karibu na mdomo wa neli, maana pumzi ya mtu ina kabonidayoksaidi kama asilimia 4, mara mia ya hewa ya kawaida, na pumzi moja inatosha kuigeuza neli kuwa manjano kabla jani halijafanya lolote. Mkitumia taa, wekeni chombo cha kioo chenye maji kati ya taa na neli ili joto linywewe na maji. Bila hivyo jani la mwangani litakuwa la moto kuliko la gizani, na tutakuwa tumebadilisha vitu viwili kwa mpigo.

Limebaki moja, na hili nawaachia mlijadili, ingawa nitawapa njia. Kando ya bahari yetu kuna mikoko. Mmoja wapo ni mchu, na mizizi yake mingine huchomoza wima kutoka kwenye tope, mamia kuuzunguka mti. Mizizi hiyo huingiza oksijeni. Mwanafunzi makini atauliza: mti huu una majani mabichi yanayotengeneza oksijeni mchana kutwa, kwa nini tena uhangaike kuitafuta kwa mizizi? Jibu liko kwenye swali la mahali. Oksijeni inazaliwa kwenye thailakoidi za majani, na sehemu yake kubwa inatoka hapo hapo kupitia stomata. Floemu inateremsha sukari hadi mizizini. Oksijeni haiteremshi kwa kiasi kinachokidhi. Seli za mzizi ulio topeni hazina kloroplasti na haziuoni mwanga, ila zina mitokondria zinazohitaji oksijeni usiku na mchana, na tope lililojaa maji halina hewa ya kutosha. Mchu umejitengenezea mlango wa hewa. Maharage hayana mlango huo, na ndiyo sababu shamba la maharage likituama maji kwa siku kadhaa majani yananyauka ilhali jua linawaka na maji yamejaa. Andikeni maelezo ya jambo hilo kwa aya moja, mkitaja kinachoingia, kinachotoka na mahali kwa kila sentensi, kisha mleteni mwalimu wenu aisome.